Bili ya upasuaji wa mwanangu: jinsi shilingi 1,130,000 zilivyoshuka hadi 45,000

Mwanangu Idi ana miaka kumi na moja. Jumatatu moja usiku tulimkimbiza hospitali ya binafsi hapa Kampala akilia tumbo upande wa kulia, na kabla ya alfajiri ya Jumanne alikuwa ameshatolewa kidole tumbo. Alhamisi saa tatu asubuhi daktari akamruhusu kurudi nyumbani. Tukafunga mizigo, mama yake akamvalisha, tukakaa kitandani kusubiri bili. Ilitoka saa nane mchana.

Jumla ilikuwa shilingi 5,280,000. Bima ya kazini kwangu italipa 4,150,000, mimi nilipe 1,130,000. Karatasi yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja wenye mistari tisa: kitanda, madaktari, chumba cha upasuaji, vifaa vya upasuaji, dawa, vifaa vya wodi, maabara, picha ya tumbo, na mstari wa mwisho ulioandikwa "huduma nyingine, 150,000". Nilimuuliza keshia huduma nyingine ni zipi. Akanijibu kwa upole kabisa, "Ssebo, ndivyo kompyuta ilivyoleta."

Mimi ni mtunza ghala. Kazi yangu ya kila siku ni kuhakikisha kilichoandikwa kutoka stoo ndicho kilichotumika, na kilichobaki kimerudishwa na kuandikwa. Kwa hiyo mstari unaosema "vifaa vya upasuaji, 640,000" bila idadi wala jina la kitu, kwangu haukuwa bili bado. Na mezani palikuwa na fomu ya madai ya bima ikinisubiri niweke sahihi. Hapo nawaomba wenzangu muwe makini: sahihi yako kwenye fomu ile ni ushahidi kwamba umepokea kila kinachodaiwa. Sikuisaini. Nilimwambia keshia kwamba nitasaini nikishaona mchanganuo.

Kusema kwa mdomo hakukunifikisha mbali, nikaomba karatasi nikaandika. Niliandika kwa Kiingereza, lakini maana yake ilikuwa hii: "Naomba mchanganuo kamili wa bili ya mgonjwa huyu, kila kitu kwa jina lake, tarehe, idadi na bei ya kimoja. Naomba pia nakala ya karatasi ya dawa ya wodini, na majibu yote ambayo bima imetoa kuhusu mgonjwa huyu." Nikaweka namba ya mgonjwa na namba ya bili, nikaomba nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa. Nilitaja pia Mkataba wa Wagonjwa wa Wizara ya Afya wa mwaka 2009, unaotambua haki ya mgonjwa kupewa taarifa za matibabu yake. Baada ya muhuri huo mhasibu mwenyewe alishuka, na nusu saa baadaye nilikuwa na kurasa sita mkononi.

Nilianza na dawa, ingawa dawa zote zilikuwa upande wa bima. Mke wangu aliniuliza, "Baba Idi, hizo si bima inalipa? Kwa nini unajisumbua?" Nikamweleza kwamba bima yetu ya kulazwa ina kikomo cha shilingi milioni kumi kwa mwaka, na kikomo hicho ni cha familia nzima, yeye, mimi na watoto. Kila shilingi inayotozwa bure kwa Idi inamega fedha ambazo huenda mwingine wetu atazihitaji kabla ya Desemba.

Mchanganuo ulisema chupa kumi za seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, kila moja 15,000. Karatasi ya dawa ndiyo yenye ukweli, kwa sababu muuguzi huweka saa na sahihi kila anapochoma sindano. Nikahesabu sahihi: Jumanne asubuhi na jioni, Jumatano asubuhi na jioni, Alhamisi asubuhi. Tano. Sista mkuu wa wodi alikuwa mtu muungwana. Tuliangalia naye pamoja. Akafungua kabati, akazikuta chupa tano zenye jina la Idi zimekaa. Famasi ilikuwa imetoa dozi za siku tano kwa mkupuo mmoja, na kompyuta hutoza pale dawa inapotoka famasi, siyo pale mgonjwa anapochomwa. Mtoto anaporuhusiwa mapema, dawa iliyobaki inatakiwa irudishwe famasi na ifutwe kwenye bili. Haikuwa imerudishwa. Sista akajaza fomu ya kurudisha dawa pale pale, na shilingi 75,000 zikatoka.

Halafu kitanda. Tulilala usiku wa Jumatatu, Jumanne na Jumatano, yaani siku tatu, lakini bili ilikuwa na siku nne, kila moja 180,000. Mhasibu alinionyesha kanuni yao ubaoni: mgonjwa akipitisha saa sita mchana anahesabiwa siku nyingine. Kanuni ipo, siwezi kuikataa. Lakini daktari aliandika ruhusa saa tatu asubuhi, na saa hiyo ilikuwa kwenye faili. Zile saa tano tulizokaa tulikuwa tunasubiri bili yao na jibu la bima. Bima ilikuwa imeidhinisha siku tatu tu, ndiyo maana siku ya nne iliangukia kwangu. Mhasibu aliisoma ile saa kwenye faili mara mbili, akaifuta siku ya nne.

Ule mstari wa "huduma nyingine", niliokuwa na wasiwasi nao kuliko yote, ulikuwa halali. Ni ada ya daktari wa dharura aliyempokea Idi usiku, nje ya saa za kawaida, na bima ilikuwa imeikubali. Tatizo lilikuwa jina waliloupa mstari huo tu.

Zikabaki vifaa vya upasuaji 640,000 na vifaa vya wodi 310,000, vyote kwangu. Kwenye dawati la bima la hospitali kijana aliniambia, "Hivi bima imekataa." Nikaomba barua ya kukataliwa. Hakuwa nayo. Nikapiga namba iliyo nyuma ya kadi ya bima, nikampa dada aliyepokea namba ya uanachama na namba ya idhini iliyotolewa usiku wa upasuaji, nikamwomba anisomee kila kilichoombwa na kila kilichojibiwa. Akasoma taratibu. Vifaa vya upasuaji vililetwa kama mstari mmoja wa 640,000 bila orodha, bima ikajibu tangu Jumatano, "leteni orodha." Hospitali haikujibu. Vifaa vya wodi havikuwahi kuombwa hata kidogo.

Kwa hiyo hakuna aliyekataa. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia "bima haikulipa", namuuliza ni ipi kati ya hizi tatu. Huenda kitu hakimo kabisa kwenye bima yako, na hapo utakikuta kimeandikwa kwenye orodha ya visivyolipiwa. Huenda kimo lakini umefika kikomo. Au ombi limekwama njiani, halijatumwa au halijajibiwa, na hospitali imekusukumia wewe ili ifunge faili. Hiyo ya tatu ndiyo inayorekebishika, na karatasi ya bili huionyesha sawasawa na zile mbili nyingine. Anayejua tofauti ni bima yenyewe, na lazima umpigie wewe mwenyewe.

Dada wa bima alisema wakipata orodha watajibu ndani ya siku mbili za kazi. Lakini ilikuwa saa kumi na moja jioni, na bila karatasi ya kutokea mlinzi hafungui geti. Nilikubaliana na mhasibu niache 300,000 kama dhamana, na kwenye risiti aandike: "Malipo ya awali. Sehemu ya mgonjwa bado inahakikiwa na bima." Maneno hayo ni ya lazima. Risiti ikisema "malipo ya bili" tu, kesho utaambiwa ulikubali deni.

Usiku ule nilituma barua pepe moja kwa bima na nakala kwa hospitali na kwa ofisi ya rasilimali watu kazini kwetu, kwa sababu mwenye mkataba na bima ni mwajiri. Mimi ni mnufaika tu. Niliambatanisha kurasa sita, karatasi ya dawa, na jina la dada niliyezungumza naye pamoja na saa ya simu. Kama wangenyamaza, hatua yangu iliyofuata ilikuwa kupeleka malalamiko Mamlaka ya Udhibiti wa Bima ya Uganda, ambayo hupokea malalamiko ya wateja dhidi ya kampuni za bima. Haikufika huko. (Kwa asiye na bima ya kazini hali ni ngumu zaidi, maana bima ya afya ya taifa bado hatuna, muswada ulipita Bungeni mwaka 2021 lakini mfuko haujaanza. Hata hivyo mchanganuo, karatasi ya dawa na saa ya ruhusa kila mgonjwa anaweza kuviomba.)

Jumanne iliyofuata majibu yalikuja. Kwenye vifaa vya upasuaji bima ilikubali 560,000. Zile 80,000 zilizobaki zilikuwa glavu, mashuka ya kufunikia mgonjwa na mavazi ya wapasuaji, na bima ikasema vitu hivyo tayari vimo ndani ya ada ya chumba cha upasuaji kwa makubaliano yao na hospitali, hivyo havipaswi kutozwa tena, iwe kwa bima au kwa mgonjwa. Hospitali ikavifuta. Vifaa vya wodi, yaani kanula, mipira ya dripu, sindano na bandeji, walilipa 265,000. Walichokataa kweli ni kifurushi cha kulazwa cha 45,000: sabuni, mswaki, ndala na taulo. Nilifungua kijitabu cha bima, nikakuta vitu binafsi vimeandikwa kwenye orodha ya visivyolipiwa. Hicho ni changu, nililipa bila neno. Ningejua mapema ningebeba taulo na mswaki wa nyumbani.

Bili mpya ilikuwa 4,945,000, bima 4,900,000, mimi 45,000. Ijumaa nilirudi na risiti yangu ya 300,000, nikasaini fomu ya madai baada ya kuusoma kila mstari, na keshia yule yule akanirudishia 255,000 kwenye simu. Kabla ya kuondoka nilipiga tena namba ya nyuma ya kadi kuuliza kikomo chetu kimebaki kiasi gani. Wakasema 5,100,000. Nimeiandika kwa kalamu kwenye jalada la kijitabu cha bima, pamoja na tarehe.