Alama Mbili za Mzee

Jumatatu usiku sikulala vizuri. Kesho yake saa tatu asubuhi nilitakiwa kumsomea Mzee tathmini yake ya mwaka, na alama yake ilikuwa mbili kati ya tano: chini ya matarajio. Simtaji jina. Mtwara ni ndogo, na wanaojua ghala letu la korosho wanamjua. Ni karani wa mapokezi, amekaa pale miaka kumi na tisa, na kila asubuhi namwamkia shikamoo kabla sijafungua ofisi yangu. Ana hasira za karibu. Msimu uliopita alimrushia dereva fomu usoni kwa sababu ya foleni.

Nilikaa barazani na karatasi moja. Upepo wa bahari ulikuwa umekatika na mbu wa Shangani wakanikuta. Nilitaka kuandika maneno yenyewe nitakayoyatamka, kwa sababu najijua. Mtu mzima akinipandishia sauti, mimi huanza kulainisha mambo, na nikilainisha vya kutosha alama ya mbili inageuka kuwa "si mbaya sana, Mzee". Kisha anaiona karatasini, na hapo ndipo unapopata adui.

Sentensi ya kwanza niliifuta mara nne. Mwanzo ilianza na sifa: uaminifu wake, miaka yake, jinsi anavyowajua watu wa vyama vya msingi vya wakulima kuanzia Tandahimba hadi Newala. Yote ni kweli. Lakini mtu aliyeitwa ofisini siku ya tathmini anazisikiliza sifa kama anayesubiri sindano. Anajua inakuja, na kila sifa inamwongezea hofu. Baadaye anasema ulimchezea. Kwa hiyo nikaandika hivi: "Mzee wangu, nimekuita tuzungumze tathmini yako. Alama yako mwaka huu ni mbili, chini ya matarajio. Najua si habari nzuri. Nitakueleza nimeifikiaje, kisha nataka nikusikie." Basi. Dakika ya kwanza, halafu ninyamaze.

Chini yake nikaweka ushahidi. Nilikuwa na matukio kumi na kitu, nikabakiza mawili. La kwanza: katika msimu, siku kumi na nne hesabu za mapokezi hazikufungwa siku ileile kama tulivyokubaliana, na wakulima wakachelewa kupata stakabadhi zao. La pili: mara tatu uzito kwenye hati ya mapokezi haukulingana na tiketi ya mizani. Ukimsomea mtu makosa kumi na mawili, atachagua lililo dhaifu kuliko yote na mtabishana hilo mpaka adhuhuri. Nikachagua tiketi moja ya kumwonyesha. Gari na mzigo kilo 18,460, gari tupu kilo 8,140, kwa hiyo mzigo kilo 10,320 kabla ya kutoa uzito wa magunia. Kwenye hati aliandika 10,230. Kilo tisini zimepotea kwa tarakimu mbili kubadilishana viti. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa kilo, tuseme, hiyo ni 270,000 ya wakulima, na katibu wa chama alikuja kuidai akiwa amefura.

Kisha nikaandika majibu ya maswali niliyojua atauliza. Akiuliza fulani amepata ngapi: "Leo tunazungumza kazi yako. Ya mwenzako siizungumzi na wewe, kama ambavyo yako siizungumzi naye." Akiuliza kama anafukuzwa: "Leo hakuna barua ya kufukuzwa wala ya onyo. Kuna mpango wa miezi mitatu, na nitakaa na wewe kila Jumanne." Nilitamani kuongeza "na hutafukuzwa kamwe", nikajizuia. Ahadi ile si yangu kuitoa, na miezi mitatu ikiisha vibaya itanirudia. Akiuliza kuhusu nyongeza ya mshahara: "Kwa alama hii, mwaka huu hupati." Hilo ni la kusema wazi. Nimewahi kuona bosi akilizunguka swali hilo kwa nusu saa, na mwishowe aliyekuwa mbele yake hakukumbuka kitu kingine chochote.

Akipaza sauti, nisimwambie atulie. Hakuna aliyewahi kutulia kwa kuambiwa atulie, hasa mtu wa umri wa baba yangu akiambiwa na mimi. Nikaandika: "Nakusikia, Mzee. Endelea." Na akitukana, au akisimama juu yangu: "Tusimame hapa. Tutarudi saa nane."

Usiku uleule nilimpigia dada wa rasilimali watu aliyeko makao makuu. Alinisikiliza, akaniuliza swali moja tu: "Yeye anajua tangu lini kuwa kazi yake haijafika?" Nikasema Novemba. Akauliza, "Ulimwambiaje?" Nikakumbuka. Nilipita kwenye meza yake nikiwa na simu sikioni, nikasema "Mzee, angalia tarakimu hizo", nikaendelea na safari. Dada akanyamaza kidogo. Akanikumbusha kuwa kanuni za utendaji bora kazini za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri, kabla hajafika mbali na mtu kwa sababu ya utendaji, aweze kuonyesha kuwa mtu huyo alikijua kiwango kinachotakiwa na alipewa nafasi ya haki ya kukifikia. "Alama yako inaweza kusimama," akasema, "lakini usiende pale kama mtu aliyemwonya." Nikaongeza mstari wa mwisho kwenye karatasi. Nilikuwa nimechoka, niliuandika vibaya na karibu niusahau.

Asubuhi sikutumia ofisi yangu, ile yenye dirisha linaloelekea mizani. Wapakizi wote wangeona uso wake akitoka. Nilichukua chumba kidogo cha nyuma, nikamwekea kiti upande wa mlango, ili akitaka kutoka asilazimike kunipita. Maji, glasi mbili. Aliingia, nikamwamkia shikamoo kama kawaida, naye akaitikia marahaba, na nilipata uchungu wa ajabu kwa sababu hiyo. Nikakaa. Nikasema sentensi yangu.

Alikaa kimya nadhani sekunde ishirini. Nilizihesabu kwa kubana vidole chini ya meza, kwa sababu mdomo wangu ulitaka kuzijaza. Kisha akapiga meza kwa kiganja, glasi zikaruka.

"Umenitafuta siku nyingi, binti! Miaka kumi na tisa! Wewe ulikuwa shule ya msingi mimi napokea korosho hapa!"

"Nakusikia, Mzee. Endelea."

Akaendelea. Akasema ya foleni za usiku, ya taa ya mizani inayokufa, ya vijana wanaoletwa na vyeti. Akauliza nani amenisemea. Akauliza yule kijana wa stoo amepata ngapi, nikatoa jibu langu, akafyonza. Nilipoona pumzi yake imeshuka, ndipo nikamwekea tiketi na hati mezani, pembeni kwa pembeni, bila maneno. Alizisoma muda mrefu. Ningezitoa akiwa amesimama angezichana, sina shaka.

Kisha akauliza kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ilinitisha kuliko ile ya juu: "Kwa nini hukuniambia Novemba?"

Mstari wa mwisho wa karatasi. "Hapo una haki," nikasema. "Novemba nilikuambia nikipita. Nilitakiwa kukaa na wewe kama tulivyokaa leo, sikukaa. Hilo ni kosa langu. Alama inabaki mbili."

"Basi na wewe upewe mbili."

"Nimeliandika kwenye fomu yangu," nikasema, na ilikuwa kweli, nililiandika alfajiri ile.

Hakucheka. Lakini aliacha kunitazama kama anayetaka kunirushia kitu. Nikamweleza kuhusu sahihi: kusaini kuna maana amesomewa, hakuna maana amekubali, kuna nafasi ya maoni yake, na kuna njia ya kupinga kwa mkubwa wangu ndani ya siku zilizoandikwa pale chini. Hakutaka kusaini. Nikaandika mbele yake, "Amesomewa, amechagua kutosaini leo," na tarehe na saa. Mpango wa miezi mitatu sikuugusa kabisa. Nilikuwa nimepanga kuusoma siku ileile, lakini mtu aliyetoka kupigwa na habari hiyo hasikii tarehe na malengo. Nikasema tukutane Alhamisi. Dakika thelathini na tano zilikuwa zimepita. Alitoka bila kufunga mlango.

Alhamisi alikuja na daftari. Daftari la shule, la mistari, lenye mafuta ya mikono kwenye kona. Kumbe usiku, madereva wanapopiga kelele na foleni imefika barabarani, anaandika uzito kwenye daftari kwanza, kisha asubuhi anahamishia kwenye hati. Akafungua ukurasa. 10,320, imeandikwa sawasawa. Kosa lilitokea kwenye kuhamisha. Miaka miwili nimekuwa bosi wake na sikuwahi kuliona daftari hilo, kwa sababu nilikuwa natazama matokeo mwisho wa siku, sijawahi kukaa mapokezi saa nne usiku.

Akafungua ukurasa mwingine, wa ile mara ya tatu uzito haukulingana. Pale daftari na hati vilikubaliana, tiketi ndiyo iliyokosewa, na aliyeiandika ni mtu wa mizani. Nikaangalia tiketi upya. Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimekuja na matatu wakati yake yalikuwa mawili, na ningeweza kujua hivyo kama ningemwomba maelezo kabla ya kuandika, si baada. Nikalifuta lile tukio mbele yake, nikaweka sahihi yangu pembeni ya mkato. Akauliza kama alama itapanda. Nikafikiri, kweli nilifikiri. Siku kumi na nne za hesabu zisizofungwa bado zilikuwepo, na makosa mawili pia. Nikamwambia haitapanda, na kwa nini.

Mpango tuliuandika pamoja siku hiyo. Hakuna kuhamisha tena: hati inaandikwa hapohapo mizani, tiketi inabanwa nayo, na karani anamsomea dereva tarakimu kwa sauti kabla gari halijaondoka. Taa ya mizani ni kazi yangu, nimepewa hadi mwisho wa mwezi. Jumanne tunachukua hati ishirini za wiki, tunazilinganisha na tiketi zake, dakika kumi na tano.

Safari hii alisaini. Kwenye nafasi ya maoni aliandika kwa mwandiko wake wa kulala: "Nimesomewa. Sijakubali. Daftari sitaliacha."

Nilitaka kubishana kuhusu daftari. Nikaipeleka fomu makao makuu ilivyo.