Bajeti ya utafiti wa pweza iliyorudishwa mara mbili: jinsi nilivyoirekebisha

Pendekezo letu la kuhesabu pweza huko Kizingitini lilirudi mara mbili kutoka kwa wafadhili na swali lile lile: "Petroli ya boti, 150,000, ya nini?" Mara ya kwanza niliongeza maneno: usafiri baharini ni ghali, Lamu ni visiwa. Mara ya pili nikapunguza hadi 120,000. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana ilionyesha kwamba hata mimi nilikuwa nabahatisha.

Kilichosaidia ni kuanza na jedwali la shughuli, bajeti nikaiweka kando. Kila shughuli nikaipa namba, kisha kila gharama ikabeba namba ya shughuli yake. Kuhesabu pweza mwambani ikawa 1.2.

Hapo ndipo bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, liliponiokoa. Mwamba hukauka vizuri wakati wa bamvua tu, na bamvua huja mara mbili kwa mwezi. Miezi 6 ni safari 12. Nahodha aliniambia kwenda na kurudi hula lita 45. Nikaandika hivi: "Shughuli 1.2: safari 12 × lita 45 × shilingi 200 = 108,000. Safari hufuata bamvua." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyojibu kwa nini 12.

Namba zilifichua mengine. Kamera haikuwa na shughuli, nikaifuta. Mkutano wa kuwarudishia wavuvi matokeo haukuwa na hata senti, nikauwekea ukumbi na chai.

Jana wamepitisha, bila swali.