Namba tatu ndani ya ndoo moja

Jana usiku ndo nimeelewa jedwali la hashi, ile njia ya programu kugawa data kwenye ndoo ili izipate haraka, na sio kwa kusoma, ni kwa kuchora. Nilichora ndoo 5, namba 0 hadi 4, alafu kila namba naigawa kwa 5, baki ndo inaniambia ndoo gani. Nikaingiza 12, 7, 20, 33, 22 kwa mpangilio huo:

```
0: 20
1:
2: 12 -> 7 -> 22
3: 33
4:
```

12 baki 2, poa, 7 nayo baki 2, hapo ndo zinagongana, na programu yangu ya kwanza ilikua inaandika 7 juu ya 12 kimya kimya bila error yoyote, nikitafuta 12 naambiwa haipo 😅 Dawa yake kila ndoo inashika mnyororo, mgeni anaunganishwa mwishoni. Ila ukitafuta 22 lazima ufike ndoo 2 ulinganishe na 12, kisha 7, ndo uipate, yaani mara tatu, wakati 33 unaipata mara moja tu. Alafu nikajaribu kuingiza 10, 15, 25, zote zikajazana ndoo 0, ya 1 na 4 bado tupu kabisa!