Siku moja maishani mwangu: kuhariri tangazo la maneno kumi

Nikiulizwa kazi yangu ni gani, hujibu kwamba ninahariri matangazo ya Kiswahili. Anayeuliza huitikia "aah, kusahihisha herufi", kisha anageukia mambo mengine. Basi Alhamisi iliyopita niliamua kuandika kila nilichofanya tangu asubuhi. Siku nzima ilikwenda kwenye tangazo moja lenye maneno kumi.

Saa 12 na nusu asubuhi. Chai, mahamri ya jana, mtoto shuleni.

Saa 2 asubuhi. Nimefungua faili. Mteja ni kampuni ya kutuma pesa iliyoko Marekani, na tangazo linawalenga Wakenya wa Minnesota. Litatoka kwa njia mbili: picha ya kwenye simu, na bango la kubandika kwenye vinyozi na maduka ya vyakula vya kwetu huko Minneapolis. Maneno yenyewe ni haya:

TUMA PESA NYUMBANI BILA ADA! KIWANGO BORA. ZINAFIKA SAA 2!*

Chini, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, kile kinyota kinasema "Vigezo na masharti kuzingatiwa". Herufi zote ziko sawa. Ningekuwa msahihishaji wa herufi, ningemaliza kazi kabla chai haijapoa.

Pamoja na faili walinitumia karatasi ya masharti, na hapo ndipo kazi ilipo. Ada haipo kwa mara ya kwanza tu. Kuanzia ya pili ni dola 2.99. Dola moja wanaibadilisha kwa shilingi 126.40. Pesa za M-Pesa kwa kawaida huingia kwa dakika chache, zikichelewa ni mpaka saa mbili kamili za kusubiri, na hizo zinahesabiwa baada ya malipo kukubaliwa. Za benki ni siku moja hadi mbili za kazi. Anayetuma kwa mara ya kwanza anaweza kuzuiwa mpaka kitambulisho chake kikaguliwe. Yaani yule yule anayeahidiwa kutolipa ada ndiye ambaye pesa zake zinaweza kuchelewa.

Nilichukua kikokotoo. Asubuhi ile dola sokoni ilikuwa shilingi 129.20. Dola 200 kwa bei hiyo ni shilingi 25,840. Kwa bei ya mteja wangu ni 25,280. Tofauti ni shilingi 560, zaidi kidogo ya dola 4. Hiyo ndiyo ada, ila imekaa mahali ambapo hakuna anayeiita ada. Benki ya Dunia inapopima gharama ya kutuma pesa huhesabu vyote viwili, ada na hicho kinachobaki kwenye bei ya kubadilisha. Tangazo linahesabu kimoja.

Saa 4. Nimevuka ua kwenda kwa jirani. Ni bibi wa miaka sabini na kitu, mwanawe yuko huko huko Minnesota, na kila mwezi anamtumia. Kila tangazo la pesa ninalohariri humsomea yeye kwanza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Leo wauza nini?"

Nikamsomea. Akasikiliza macho yakiwa kwenye nazi anayokuna, kisha akauliza maswali matatu ambayo yalinimalizia siku.

La kwanza: "Saa mbili ya asubuhi au ya usiku?"

Nikacheka, kumbe yeye hachekeshi. Msomaji wa Kiswahili akiona "zinafika saa 2" anasoma saa ya ukutani. Inaweza kuwa saa mbili asubuhi, inaweza kuwa saa mbili usiku, na aliyekaa Marekani miaka kumi anaweza hata kuisoma kwa Kizungu, saa nane kwetu. Kwa Kiingereza muda wa kusubiri una neno lake na saa ya ukutani ina namna yake. Kwetu yote ni saa.

La pili: "Hicho kiwango bora ni kiwango cha nini?" Yeye alidhani ni kiasi cha juu kabisa unachoruhusiwa kutuma. Hakuna mtu mtaani kwetu anayesema kiwango cha ubadilishaji. Watu huuliza "dola leo ngapi?"

La tatu ndilo lililoniuma, kwa sababu sikuliona mwenyewe: "Na ajenti naye hakati?"

Mhasibu wa kule anaposema bila ada, anamaanisha ada ya kutuma. Bibi ni mpokeaji. Kwake ada ni ile anayokatwa akienda kwa ajenti kutoa pesa mkononi, na hiyo ipo pale pale. Tangazo lile likimfikia angelisoma kwamba safari hii hakatwi, na siku ya kutoa angegombana na kijana wa watu kibandani.

Nimerudi nyumbani na vipande vya nazi na kurasa mbili za maandishi.

Mchana. Umeme ulipotea, ukarudi. Nimeandika upya mara saba. Wali na mchuzi nimekula nimesimama.

Saa 11 jioni. Kikao. Kwao ni saa 3 asubuhi, wana kahawa na nguvu mpya. Mimi macho yamekwisha. Msimamizi wa kampeni ni Mkenya mwenzangu, mstaarabu sana, ananiita dada, nami namwita kaka. Kwa saa moja na robo tulivutana kwa ustaarabu huo huo.

Nilimwonyesha nilichoandika:

Ukituma dola 200, anapokea shilingi 25,280.
Leo dola 1 tunaibadilisha kwa shilingi 126.40.
Mara ya kwanza hulipi ada ya kutuma. Kuanzia mara ya pili ni dola 2.99.
M-Pesa: kwa kawaida dakika chache, isizidi masaa mawili baada ya malipo yako kukubaliwa.
Benki: siku 1 hadi 2 za kazi.
Akitoa kwa ajenti, ajenti atakata ada yake.

"Dada, hii ni barua," akasema.

Mchoraji wao, kijana asiyejua Kiswahili, akadakia kwamba nafasi ya kichwa cha tangazo inatosha herufi arobaini. Nikamwambia aweke mstari wa kwanza peke yake, ni herufi arobaini na tatu, apunguze ukubwa kidogo. Akanyamaza, nadhani alikuwa anahesabu.

Hoja ya kaka yangu ilikuwa kwamba BILA ADA ndiyo inayovuta watu. Sikumkatalia. Nilimwomba tu aongeze maneno matatu, "mara ya kwanza", yakae pale pale juu kwa ukubwa ule ule, yasishushwe kwa kinyota. Mtu anayesoma tangazo akiwa kwenye basi la kwenda kazini hafuati kinyota. Hapo alikubali.

Akaja na jingine: bei ya dola hubadilika kila siku, sasa tutaiandikaje? Kwenye simu ni rahisi, namba inabadilishwa kila asubuhi. Bango la kinyozi litakaa ukutani hata miezi mitatu, likikauka na kupauka. Kwa hiyo bango lisiwe na bei kabisa. Nikaandika: "Utaonyeshwa bei ya dola na kiasi atakachopokea kabla hujalipa." Hiyo si hisani yao, kanuni ya Marekani ya kutuma pesa nje, iliyoanza kutumika mwaka 2013, inawalazimisha.

Kwenye bango nikadai na mstari mwingine. Tangu Januari 2026 Marekani inatoza kodi ya asilimia 1 kwa anayetuma pesa nje akilipa kwa pesa taslimu. Anayelipa kutoka akaunti ya benki ya huko au kadi ya huko haimgusi. Mteja wa kinyozi ndiye hasa anayebeba noti mfukoni. Atafika dukani na dola 200 zake, asome bila ada, aambiwe lete 202. "Hiyo kodi si yetu," kaka akasema. Kweli si yao, lakini atakayetukanwa ni dada aliye kwenye kaunta. Mstari ukaingia.

Tulikwama kwenye sentensi moja. Nilikuwa nimeandika: "Faida yetu tunaipata kwenye bei ya dola." Kimya kikapita. Akasema hakuna kampuni inayoandika hivyo. Nikamwambia wao wangekuwa wa kwanza. Akasema, kwa upole kabisa, "Dada, hilo acha." Nikaacha. Angalau shilingi 25,280 imekaa juu, na mwenye kutaka kulinganisha ataichukua akaiweke kando ya ile ya kampuni nyingine. Kwa kweli hiyo ndiyo namba ya pekee ya kulinganisha, dola ngapi zimetoka mfukoni na shilingi ngapi zimefika.

Usiku sasa, sikutazama saa. Limebaki jambo la "masaa". Miaka yote nimekata "masaa" kwa kalamu nyekundu. Saa moja, saa nyingi. Wingi wake ni saa, mwalimu wangu alitufundisha kwa fimbo. Nikajaribu "muda wa saa mbili". Ni sanifu, lakini ukiisoma haraka jicho linaruka "muda wa" na kutua kwenye "saa mbili". Nikajaribu "dakika 120", nikavuka tena ua.

"Dakika mia na ishirini ni za mpira," bibi akasema. "Nani ahesabu?"

"Na masaa mawili?"

"Hayo ni ya kungoja."

Basi ndivyo hivyo. Mtu hasemi "nitafika masaa mawili usiku". Neno lenyewe halikubali kukaa kwenye saa ya ukutani. Kosa la sarufi ndilo lililo wazi kuliko usahihi. Nimeandika "masaa mawili" na jina langu liko kwenye kazi hiyo, na najua mwalimu mmoja mstaafu ataniandikia.

Kabla ya kutuma, wakili wao akaingia kwenye barua pepe akiuliza kama risiti nazo ni za Kiswahili. Nikamjibu kwamba swali ni zuri na linamhusu yeye zaidi yangu. Kanuni ile ile inasema ofisi inayojitangaza hasa kwa lugha fulani iwape wateja wake maelezo ya malipo kwa lugha hiyo pia. Hawakuwa wameliwaza. Sasa nina risiti za kuhariri wiki ijayo, pamoja na maelezo ya haki ya kughairi ndani ya nusu saa, haki ambayo hukatika pesa zikishaingia kwa mpokeaji. Zikiingia kwa dakika chache kwenye namba iliyokosewa, sijui nitaiandikaje hiyo bila kumtisha mtu.

Walitaka kazi ifike kabla Alhamisi haijaisha. Nimebonyeza kutuma. Kwa hesabu ya bibi, tangu magharibi huu ni usiku wa Ijumaa. Kwao Minneapolis ndiyo kwanza wanatoka kula chakula cha mchana cha Alhamisi.