Nilivyojaza jedwali la mbili kwa mbili la mRDT

Swali lilikuwa la mazoezi, namba za kutungwa, ila limeandikwa vilevile ripoti za utafiti zinavyoandikwa, maelezo tu na jedwali hamna. Watoto 500 wenye homa wamepimwa kwa mRDT, yaani kipimo cha haraka cha malaria, na kwa hadubini, hadubini imekuta malaria kwa 100, mRDT imetoa chanya 135, na kati ya wale 100 imewakamata 95.

Kwanza niliamua hakimu ni nani. Hapa ni hadubini, kwa hiyo safu za kusimama ni zake, na mistari ya kulala ni ya mRDT. Halafu sikugusa vyumba vya ndani, nikaanza na jumla za pembeni, chini 100 na 400, kulia 135 na 365, konani 500. Ukishaziweka hizo, ile 95 peke yake inatosha, vyumba vingine vitatu unavipata kwa kutoa tu.

```
              Ipo   Haipo   Jumla
mRDT chanya    95     40     135
mRDT hasi       5    360     365
Jumla         100    400     500
```

Sensitiviti, yaani wagonjwa wangapi kipimo kinawakamata, na spesifisiti, yaani wazima wangapi kinawapa hasi, unazisoma ukishuka chini, maana unaanza na mgonjwa au asiye mgonjwa: 95/100 ni 95%, 360/400 ni 90%. Thamani za ubashiri, yaani majibu mangapi ya chanya au ya hasi ni ya kweli, unazisoma kwenda kulia, maana unaanza na jibu ulilonalo mkononi: ya chanya 95/135, kama 70%, ya hasi 360/365, karibu 99%. Mimi huwa naangalia namba ya chini ya sehemu, ikiwa ni jumla ya hadubini basi siyo ubashiri.

Zile chanya 40 za uongo zisikushangaze, mRDT nyingi zinatafuta protini ya HRP2 na hiyo inabaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtoto kutibiwa, vimelea vimeshakufa lakini mstari unatokea.

Sasa kilichonifungua macho kabisa ni kuhamisha kipimo kilekile sehemu yenye malaria kidogo, tuseme watoto 1,000 na wagonjwa 20 tu. Sensitiviti 95% inakupa 19, wazima 980 wakikosewa 10% wanakuwa 98, jumla ya chanya 117, na 19/117 ni kama 16%. Kipimo hakijabadilika hata kidogo ila chanya nyingi sasa ni za uongo!

Ndiyo maana siku hizi nikisoma utafiti naangalia watu walipatikanaje. Kama watafiti walichukua wagonjwa 100 wanaojulikana na wazima 100 wanaojulikana, najaza jedwali, natoa sensitiviti na spesifisiti, na thamani za ubashiri sizigusi, kwa sababu ile nusu kwa nusu waliichagua wao wenyewe, siyo hali ya watu wanaokuja kliniki.