Pleti iliyogoma: koili nzima, soketi imekufa

Imewaka! Pleti ya nyuma kushoto, iliyonisumbua siku tatu, jana usiku imekuwa nyekundu kote, nami nikasimama kuitazama kama vile sijawahi kuona jiko. Naandika sasa kabla sijasahau nilipopotea.

Koili ni ile ya kuchomeka: miguu miwili inayoingia kwenye soketi iliyo chini ya jiko. Ni ya wati 1500 kwa volti 240. Siku ya kwanza nilizima swichi kuu ya jiko, maana ile ya kuzungusha siiamini. Nyingine hukata waya mmoja tu, na mwingine ukabaki na umeme hata ukiwa umeiweka sifuri. Multimita niliijaribu kwanza kwenye plagi yenye umeme, nikapima soketi ya koili, kisha nikairudisha kwenye plagi ile ile. Mita iliyokufa nayo husoma sifuri, na sifuri ya namna hiyo imeshaua watu.

Hesabu ya koili ni nyepesi: 240 mara 240, gawanya kwa 1500, unapata omu 38.4. Yangu ilisoma 38. Kati ya mguu na ganda la nje hakuna njia kabisa, kwa hiyo haivujishi. Koili nzima. Nikairudisha, nikawasha, ikapata joto kidogo, ikazima. Basi, nikaamua mbovu ni swichi ya jiko, nikapoteza siku nzima nikiitafutia makosa ambayo haina.

Kosa langu lilikuwa kupima koili peke yake, mkononi, nje ya soketi. Siku ya pili, umeme ukiwa umezimwa, nilifungua nyaya za soketi upande wa swichi, nikachomeka koili, nikapima kupitia nyaya hizo. Hapo ikasoma 40 na ushei. Nikaitikisa koili kidogo: 39, 44, kisha njia ikakatika kabisa. Ajabu ni kwamba mita yangu ya kidijitali ilikuwa inajikanyaga, tarakimu zinabadilika kabla sijazisoma. Nikatoa ile ya zamani ya mshale, ambayo kila mtu ananicheka nayo, na mshale ukaruka waziwazi kila nilipogusa koili. Kwa mguso unaochezacheza, mshale haujapata mpinzani.

Omu 2 zinaonekana si kitu. Lakini koili hii inavuta karibu ampea 6, na 6 mara 6 mara 2 ni wati 72. Wati zote hizo zinaunguza kibati kidogo kuliko ukucha, ndani ya soketi isiyo na pa kupumulia. Kibati kikipata moto kinapoteza uspringi, kinaushika mguu kwa ulegevu zaidi, upinzani unaongezeka, joto nalo linaongezeka. Nilipochungulia kwa tochi nikaona weusi na plastiki iliyovimba. Ningechungulia siku ya kwanza, nisingekuwa naandika haya.

Nikajaribu ujanja wa msasa. Nilisugua miguu na vibati, nikavibana kwa koleo ya mdomo mwembamba. Ikawaka nusu saa, ikanuka, nikazima upesi. Msasa unaondoa weusi, haurudishi uspringi.

Nusura nifanye kosa kubwa zaidi: kuichomeka koili ile kwenye soketi ya jirani ili kuhakikisha. Jaribio hilo ni zuri pale tu miguu ikiwa safi. Ya kwangu ilikuwa na vishimo vya cheche, na miguu ya aina hiyo huiharibu soketi nzima kwa njia ile ile. Koili mpya kwenye soketi iliyoungua nayo haiponi. Nikabadilisha vyote viwili. Nyaya nilizikata nyuma karibu sentimita 3, hadi nikakuta shaba inayong'aa badala ya ile nyeusi inayokatika, nikaziunga kwa viungio vya kauri. Tepu ya plastiki chini ya jiko isikaribie, itayeyuka.

Nilikuwa nimepanga kufungua soketi tatu zilizobaki nizikague. Badala yake nikaona mizani ya ndoano ya kupimia mizigo, nikashikwa na wazo: koili inang'ang'ania soketi kwa nguvu kiasi gani? Jiko likiwa limezimwa na kupoa, nilivuta. Soketi mpya iliachia karibu na kilo 2. Ile iliyoungua, nikiwa nimeishika mkononi, iliachia koili ya zamani kabla hata ya nusu kilo. Ya mbele kulia iliachia kwenye kilo 1, na sasa nikiitazama pleti hiyo namwona mgonjwa anayefuata. Kesho naifungua, isipokuwa nipate kitu kingine cha kuning'iniza kwenye mizani.