Kumbukumbu ya mradi: slaidi za siku ya kwanza, kozi ya Fonolojia ya Kiswahili

Muhula unakaribia na nimeamua kuzisuka upya slaidi ninazofungulia kozi ya Utangulizi wa Fonolojia ya Kiswahili, mwaka wa pili. Zile nilizorithi zina kila kinachotakiwa: matokeo ya kujifunza, mgawanyo wa alama, mada za wiki 15. Ila vitu hivyo vitatu havijuani. Kila kimoja kiliandikwa na mtu wake kwa wakati wake, na mwanafunzi anayevisoma pamoja hawezi kujua kozi inamdai nini hasa.

Hatua ya kwanza: matokeo

Slaidi ya zamani ilisema mwanafunzi "ataelewa mfumo wa sauti za Kiswahili" na "ataufahamu mchango wa fonolojia". Kuelewa hakusahihishiki. Huwezi kumpa mtu alama 3 kati ya 5 za kuelewa mpaka afanye jambo unaloliona. Kwa hiyo nimeandika upya kwa vitenzi vya kutenda, nikaishia na matokeo manne.

La kwanza, abainishe sauti za Kiswahili kwa mahali na jinsi zinavyotamkwa. La pili, athibitishe kwamba sauti mbili ni fonimu tofauti, kwa jozi kama *fua* na *vua*. La tatu, apewe data asiyowahi kuiona na aandike kanuni inayoielezea. La nne, arekodi usemi halisi, aunukuu kwa alama za kifonetiki na aeleze anachokiona.

Nikaishia hapo. Orodha ya matokeo 9 hairefushi kozi, inaficha tu yapi ni mazito. Fonolojia kwangu ni hilo la tatu: mwanafunzi kukaa mbele ya maneno kadhaa na kuona utaratibu ambao hakuna aliyemwambia.

Hatua ya pili: kuhesabu alama zinakwenda wapi

Kazi hii ndiyo imenichukua muda mrefu kuliko zote, na ningemshauri mwalimu yeyote aifanye kabla hajagusa rangi ya slaidi.

Nilichukua majaribio na mtihani wa mwaka uliopita, nikapita swali moja moja nikiuliza: alama hizi zinapima tokeo lipi kati ya yale manne? Mgawanyo wa zamani ulikuwa majaribio mawili ya alama 15 kila moja, insha ya alama 10, na mtihani wa mwisho 60. Jumla ikaja hivi:

| Kipimo | T1 | T2 | T3 | T4 |
|---|---|---|---|---|
| Jaribio la 1 (15) | 10 | 5 | 0 | 0 |
| Jaribio la 2 (15) | 5 | 5 | 5 | 0 |
| Insha (10) | 0 | 10 | 0 | 0 |
| Mtihani (60) | 25 | 20 | 15 | 0 |
| Jumla | 40 | 40 | 20 | 0 |

Tazama safu ya mwisho. Kurekodi na kunukuu usemi kulitangazwa siku ya kwanza kuwa sehemu ya kozi, lakini hakukuwa na hata alama moja. Na kuandika kanuni, kazi inayokula karibu nusu ya wiki za kufundishia, kulikuwa na alama 20 tu. Mwanafunzi aliyekariri vizuri fasili za fonimu, alofoni na silabi angeweza kupita bila kuchambua neno lolote. Wanafunzi si wajinga: husoma kinacholipwa. Tunapolalamika kwamba wanakariri, jedwali hili linaonyesha ni sisi tunaolipa ukariri.

Mwaka 1996 John Biggs aliandika makala kuhusu kuoanisha matokeo, ufundishaji na upimaji, na wazo lake ndilo lililonielekeza kwenye jedwali hili. Uzuri wake ni kwamba halihitaji nadharia nyingi: penseli na karatasi ya mtihani vinatosha.

Hatua ya tatu: mgawanyo mpya

Sharti la 40 kwa 60 kati ya alama za muhula na mtihani wa mwisho siwezi kuligusa, ni la chuo. Ndani ya zile 40 nina uhuru. Nimeweka jaribio moja la alama 10, mazoezi mawili ya data ya alama 5 kila moja, na mradi wa kurekodi wa alama 20. Mtihani nao utabadilika kwa ndani.

| Kipimo | T1 | T2 | T3 | T4 |
|---|---|---|---|---|
| Jaribio (10) | 5 | 5 | 0 | 0 |
| Mazoezi ya data (10) | 0 | 0 | 10 | 0 |
| Mradi (20) | 0 | 0 | 5 | 15 |
| Mtihani (60) | 15 | 20 | 25 | 0 |
| Jumla | 20 | 25 | 40 | 15 |

Msaidizi wangu wa semina alilitazama akauliza, "Mwalimu, hayo mazoezi nani atasahihisha?" Swali la haki. Darasa lina wanafunzi 180. Mazoezi mawili ni karatasi 360, na kila moja ikichukua dakika 5 tunapata saa 30. Tukigawana watatu, kila mmoja ana saa 10 kwa muhula mzima. Tumekubaliana. Mradi ungetushinda kama ungekuwa wa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo utakuwa wa vikundi vya watu watano, vikundi 36, ripoti isiyozidi kurasa tatu. Ila kila mwanakikundi atanukuu dakika yake mwenyewe ya sauti na kuweka jina lake, na sehemu hiyo ina alama zake za peke yake. Bila hivyo wawili watafanya kazi na watatu watasaini.

Hatua ya nne: ratiba ya wiki

Ratiba ya zamani ilikuwa na kasoro usiyoiona mpaka uweke tarehe za majaribio kando ya mada. Jaribio la kwanza lilikuwa wiki ya 5, wiki hiyohiyo alofoni zinafundishwa. Sasa jaribio ni wiki ya 7, likipima wiki ya 1 hadi ya 5 tu, ili semina ya wiki ya 6 ibaki ya kurudia.

Wiki 15 kwenye slaidi moja hazisomeki kutoka viti vya nyuma. Nimezigawa katika sehemu tatu, kila sehemu na swali lake. Wiki 1 hadi 5: Kiswahili kina sauti zipi, na zipi zinabadili maana? Wiki 6 hadi 11: sauti zinapokutana, nini hutokea? Humo mna silabi na mkazo, viyeyusho kama katika *mwalimu*, nazali, *ki-* inayogeuka *ch-* katika *changu*, na irabu za *pigia* na *somea*. Wiki 12 hadi 15: mfumo huu unafanyaje kazi nje ya Kiswahili sanifu? Maneno ya mkopo, Kimvita chenye *ndia* pale wengine tunaposema *njia*, mawasilisho ya miradi, na marudio.

Mazoezi ya data ni wiki ya 9 na ya 11, kila moja wiki moja baada ya mada inayolihusu.

Nimeongeza pia hesabu ya muda. Kozi ina krediti 12, na kwa utaratibu wa TCU krediti moja ni saa 10 za kujifunza, hivyo jumla ni saa 120. Mihadhara saa 2 kwa wiki na semina saa 1 vinafanya saa 45. Zinabaki 75, yaani saa 5 kila wiki za mwanafunzi na daftari lake. Namba hii haikuwahi kuonyeshwa, na wengi hudhani kozi ni yale masaa ya ukumbini tu.

Hatua ya tano: slaidi zenyewe

Siku ya kwanza wanafunzi hupiga picha slaidi mbili kwa simu: ya alama na ya wiki. Nyingine zitasahaulika. Kwa hiyo kila moja kati ya hizo mbili lazima ijitosheleze. Ya alama ina kipimo, uzito, wiki ya kukabidhi na tokeo linalopimwa, pamoja na sharti la idara yetu kwamba asiyefikisha alama 16 kati ya 40 haingii kwenye mtihani wa mwisho. Sharti hilo zamani lilikuwa kwenye kijitabu ambacho wachache hukifungua, na mtu aligundua wiki ya 14. Maandishi hayapungui pointi 28, meusi juu ya nyeupe, kwa sababu projekta ya ukumbi wetu imefifia na bluu haionekani kabisa.

Na kabla ya zote hizo nimeweka slaidi isiyo na maelezo, maneno tu:

*ubavu – mbavu. Ulimi – ndimi. Ukuta – kuta. Wimbo – nyimbo*

Wanaambiwa waseme wingi unaundwaje. Mzungumzaji yeyote wa Kiswahili anayajua maneno haya, lakini kanuni hajawahi kuitamka. Kiambishi cha wingi ni nazali: mbele ya *b* inakuwa *m*, mbele ya *l* inabaki *n* na kuigeuza *l* kuwa *d*, mbele ya *k* inadondoka, mbele ya irabu inakuwa *ny*. Hapo ndipo ninaposema: hili ndilo tokeo la tatu, lina alama 40.

Baada ya kipindi cha kwanza

Slaidi ya maneno ilichukua dakika 20 badala ya 10 nilizopanga, na sijutii. Mwanafunzi mmoja wa safu za katikati alinyoosha mkono: "Mwalimu, mbona *uso* wingi wake ni *nyuso*, si *so*?" Kwa kanuni tuliyoandika ubaoni, nazali mbele ya *s* ingedondoka. Nikawaachia wafikiri. Jibu ni kwamba shina *-so* lina silabi moja tu, na mashina ya namna hiyo huiacha *u* mahali pake, kisha nazali inakutana na irabu. Ndivyo ilivyo kwa *ufa – nyufa* na *uzi – nyuzi*. Swali lake limeingia kwenye zoezi la wiki ya 9, kwa maneno mengine.

Maswali kuhusu alama yalikuwa machache kuliko nilivyozoea, na karibu yote yalihusu mradi: je, wanaweza kumrekodi bibi kijijini anayesema Kiswahili cha huko? Wanaweza, akikubali, na ridhaa yake irekodiwe mwanzoni mwa sauti.

Kinachobaki ni mwongozo wa kusahihisha mradi, hasa zile alama 15 za tokeo la nne. Nataka msaidizi na mimi tusahihishe ripoti tatu zilezile kila mtu peke yake, tulinganishe, na tukipishana kwa zaidi ya alama 2 turekebishe maelezo kabla ya kugusa zile 33 zilizobaki.